Sifuri juu ya sifuri: utajuaje kama kikomo ulichokipata kwa vigawo ni cha kweli?

Jumamosi jioni, hapa barazani kwangu Katuba, mpwa wangu alikuja na mwenzake wa darasa, kila mmoja na daftari lake, wakiwa na swali moja na majibu mawili. Wote wako humaniti, wote wametumia njia ileile waliyofundishwa darasani, na kila mmoja alikuwa tayari kuapa. Swali lenyewe ni hili: x ikikaribia 2, sehemu hii inakaribia namba gani?

(x² + x − 6) / (x² − 4)

Mpwa wangu alikuwa ameandika "infini", yaani inakua bila mwisho. Msichana alikuwa ameandika 5/4. Jirani aliyekaa pembeni akisubiri simu yake ijae moto akachungulia daftari, akaweka 2 mahali pa x, akapata sifuri juu na sifuri chini, akasema wote mnajisumbua, jibu ni sifuri.

Nimewasaidia wanafunzi wa Lubumbashi katika hesabu hizi kwa miaka, na majibu haya matatu hunijia karibu kila mwezi. Tuyapange vizuri, maana swali la nani amepata linaweza kujibiwa hata na mtu ambaye hajui nani ana kichwa zaidi darasani. Kinachohitajika ni namba chache tu. (Nitaandika desimali kwa mkato, kama tunavyofanya huku kwetu: 1,25 ni moja na robo.)

Kwanza maneno. Kikomo, au limiti kama tunavyosema shuleni, ni namba ambayo fomula inaisogelea wakati x inasogelea mahali fulani. Siyo lazima iwe thamani ya fomula pale penyewe. Inawezekana pale penyewe fomula haina thamani kabisa, na kikomo kikawepo vizuri. Vigawo ni namba au mabano yanayozidishana kutoa kitu kimoja: 2 na 3 ni vigawo vya 6, na (x − 2) na (x + 2) ni vigawo vya x² − 4.

Sasa hiyo sifuri juu ya sifuri. Nenda sokoni kwa mama anayeuza unga wa mahindi. Tuseme kilo moja ni faranga 2500. Ukibeba kilo 2 unalipa 5000, ukibeba nusu kilo unalipa 1250, ukibeba robo unalipa 625. Kila mara ukigawa pesa uliyotoa kwa uzito uliobeba, unarudi kwenye 2500. Halafu usinunue kitu: pesa sifuri, kilo sifuri. Gawa sifuri kwa sifuri uone kama utapata bei. Hupati. Wala huwezi kusema unga ni bure. Na ukienda kwa mama wa pili anayeuza kilo kwa 3000, usiponunua kwake nako ni sifuri juu ya sifuri ileile. Namba hizo mbili za sifuri zinaweza kuficha bei yoyote ile. Ndiyo maana walimu wanaiita hali isiyoamuliwa: haisemi jibu ni sifuri, haisemi jibu ni moja, haisemi jibu halipo. Inasema tu kwamba pale penyewe huoni kitu, sogea pembeni kidogo uangalie.

Kwa hiyo jirani yangu tumwache apumzike. Tubaki na vijana wawili.

Msichana alifanya hivi. Juu aliandika (x − 2)(x + 3). Chini aliandika (x − 2)(x + 2). Akafuta (x − 2) juu na chini, akabaki na (x + 3) / (x + 2). Akaweka 2 mahali pa x, akapata 5/4, yaani 1,25.

Hapo mpwa wangu alimkamata kwa swali ambalo nililipenda: "Mjomba, si (x − 2) ni sifuri x ikiwa 2? Sasa anafutaje sifuri na sifuri?" Swali hilo si la kitoto. Mwaka 1734 askofu George Berkeley wa Ireland aliwashambulia wanahesabu wa wakati wake kwa hoja ya namna hiyohiyo: mnagawa kwa kitu mkisema si sifuri, halafu hatua inayofuata mnasema ni sifuri. Alikuwa na haki ya kuuliza, na jibu lililo wazi lilichelewa. Augustin Cauchy, Mfaransa, alikuja kuujenga mfumo wa hesabu hizi juu ya wazo la kikomo katika masomo yake aliyoyachapisha mwaka 1821. Jibu ni hili: unapotafuta kikomo, x haifiki 2. Inakuwa 1,9, inakuwa 1,999, inakuwa 2,001, lakini 2 yenyewe hairuhusiwi. Basi (x − 2) ni ndogo, ndogo sana, lakini kamwe si sifuri, na kitu kisicho sifuri unakifuta juu na chini bila dhambi yoyote. Fomula ya kwanza na ile iliyofupishwa zinatoa namba sawasawa kila mahali isipokuwa pale kwenye 2, na pale ndipo tulipokubaliana kutoenda.

Mpwa wangu naye alikuwa amefanya nini? Juu aliandika (x − 3)(x + 2). Akafuta (x + 2) na (x + 2) ya chini, akabaki na (x − 3) / (x − 2). Akaweka 2: juu −1, chini sifuri. Infini.

Daftari zote mbili zinapendeza kuangalia. Kila hatua inafuatana na nyingine. Ukizisoma usiku taa ikiwa hafifu, unaweza kuzipa zote alama kamili. Kwa hiyo tuliacha kubishana juu ya vigawo, tukachukua kikokotoo na kuanza kuisogelea 2, kwanza kutoka chini yake, yaani kushoto, halafu kutoka juu yake, yaani kulia.

Tukiweka 1,9 katika fomula ya swali, juu tunapata 3,61 + 1,9 − 6, ambayo ni −0,49. Chini tunapata 3,61 − 4, ambayo ni −0,39. Gawa: 1,2564. Endelea hivyohivyo:

x = 1,9: −0,49 / −0,39 = 1,2564
x = 1,99: −0,0499 / −0,0399 = 1,2506
x = 1,999: −0,004999 / −0,003999 = 1,25006

x = 2,1: 0,51 / 0,41 = 1,2439
x = 2,01: 0,0501 / 0,0401 = 1,2494
x = 2,001: 0,005001 / 0,004001 = 1,24994

Angalia safu hizo polepole. Juu panayeyuka kuelekea sifuri, chini nako panayeyuka, lakini vinayeyuka kwa uwiano wa 5 kwa 4. Unaziona hizo 5 na 4 zikichungulia ndani ya 0,0501 na 0,0401. Ni bei ya unga ileile: kiasi kinapungua, bei inabaki.

Na kuna alama nyingine ambayo nawaomba wanafunzi waiangalie kuliko hata namba ya mwisho. Pima kila jibu liko mbali kiasi gani na 1,25. Kwenye 1,9 limekosa kwa 0,0064. Kwenye 1,99 limekosa kwa 0,0006. Kwenye 1,999 limekosa kwa 0,00006. Hatua ikipungua mara kumi, pengo nalo linapungua karibu mara kumi. Jedwali likitembea hivyo, kwa utaratibu, linasema kweli kuna namba linaielekea. Kama kikomo kingekuwa infini, mwendo ungekuwa tofauti kabisa: namba zingezidi kukua kila hatua bila mwisho, badala ya pengo kupungua.

Mpwa wangu hakukubali kushindwa mapema. Akasema kwake jedwali linatoa infini kweli, akanionyesha: kwenye 1,9 amepata 11, kwenye 1,99 amepata 101. Nikamwomba arudie mbele yangu, na hapo nikaona kidole chake. Alikuwa akiweka namba katika (x − 3) / (x − 2), fomula aliyoifupisha mwenyewe.

Hili ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi ya yote, hata kwa wanafunzi wenye bidii. Wanasikia "hakikisha kwa jedwali", wanalifanya jedwali, lakini wanalifanya kwa fomula ya mwisho kwa kuwa ni fupi na haichoshi. Ukifanya hivyo hujapima kitu. Kama ulikosea kwenye vigawo, kosa limeshaingia ndani ya fomula fupi, na jedwali litalirudia kwa uaminifu mkubwa. Ni sawa na kuhakikisha uzito wa unga kwa mizani ya muuzaji mwenyewe. Namba za majaribio ziwekwe katika fomula ya swali, kama ilivyoandikwa ubaoni, kabla mkono wako haujaigusa.

Hata hivyo 11 na 101 zake zilikuwa na faida. Nilimwambia achukue upande wa kulia wa fomula yake hiyohiyo. Kwenye 2,1 akapata −9, kwenye 2,01 akapata −99. Upande mmoja unapanda juu bila mwisho, upande mwingine unashuka chini bila mwisho. Kwa hiyo hata kama vigawo vyake vingekuwa sahihi, "infini" tupu lisingekuwa jibu.

Baada ya jedwali kutuonyesha kwamba kuna kosa, tulirudi kulitafuta. Jedwali halikuambii kosa liko mstari gani, linakuambia tu lipo. Zidisha mabano ya mpwa wangu: (x − 3)(x + 2) inatoa x² − x − 6, na swali linasema + x. Alama moja. Lakini kulikuwa na njia ya kuliona hata kabla ya kuzidisha. Ulipoweka 2 juu ulipata sifuri. Basi katika vigawo vya juu lazima kimojawapo kiwe sifuri x ikiwa 2, yaani lazima (x − 2) imo. Weka 2 katika (x − 3)(x + 2): unapata −1 mara 4, ambayo ni −4. Ulishapata sifuri, sasa umepata −4, kwa kitu kinachodaiwa kuwa kilekile. Ukianza na sifuri juu ya sifuri na vigawo vyako havina mabano yanayokufa mahali hapo, usiendelee hata hatua moja.

Kwa nini basi pande mbili? Wengi wananiambia upande mmoja unatosha, kwa sababu katika mfano wetu pande zote zimefika palepale. Nikawapa vijana sehemu nyingine:

(x² − 4) / |x − 2|

Hiyo mistari miwili iliyosimama inamaanisha umbali kati ya x na 2, na umbali hauwi hasi. Msichana, ambaye kwenye swali la kwanza hakukosea popote, aliandika juu (x − 2)(x + 2), akafuta (x − 2) na |x − 2| kana kwamba ni kitu kimoja, akabaki na x + 2, akasema kikomo ni 4. Akaanza jedwali upande wa kulia, safari hii akitumia fomula ya swali kama tulivyokubaliana. Kwenye 2,1 alipata 4,1. Kwenye 2,01 alipata 4,01. Kwenye 2,001 alipata 4,001. Pengo linapungua mara kumi kila hatua, mwendo mzuri kabisa. Akafunga daftari.

Nikamwambia afungue, aende kushoto. Kwenye 1,99, juu ni −0,0399. Chini, umbali kati ya 1,99 na 2 ni 0,01. Jibu ni −3,99. Kwenye 1,999 ni −3,999. Kushoto fomula inaelekea −4, kulia inaelekea 4, na kwa sababu pande mbili hazikutani, kikomo hakipo. Kufuta kwake kulikuwa halali kulia tu, ambako x − 2 ni chanya na ni sawa na umbali wake. Kushoto x − 2 ni hasi, kwa hiyo kufuta kulipaswa kuacha alama ya kutoa nyuma yake. Jedwali la upande mmoja lingemthibitishia kosa lake, na angeenda nyumbani akiwa na uhakika zaidi kuliko alivyokuja.

Wakati mwingine mwanafunzi anaelewa haya yote, halafu anaharibu kwa tamaa. Anajiambia: kama 2,001 ni nzuri, 2,0000000001 itakuwa nzuri zaidi. Hapo anakutana na mipaka ya chombo chake. Vile vikokotoo vya tarakimu nane ambavyo wauzaji wanatumia kaunta vinashika tarakimu nane tu, zinazozidi vinazitupa. Tulijaribu kwa sehemu hii, x ikikaribia 1:

(x³ − 3x + 2) / (x² − 2x + 1)

Juu ni (x − 1)(x − 1)(x + 2), chini ni (x − 1)(x − 1), kwa hiyo kikomo ni 3. Kwenye 1,01 kikokotoo kinatoa 0,000301 juu na 0,0001 chini, yaani 3,01. Sawa. Kwenye 1,001 kinatoa 3 kamili, wakati jibu la kweli ni 3,001: tarakimu zimeanza kudondoka, ingawa jicho linafurahi kuona 3. Kwenye 1,0001 mambo yanaharibika. Mraba wa 1,0001 ni 1,00020001, tarakimu tisa, na kikokotoo kinabaki na 1,0002. Ukitoa 2,0002 na kuongeza 1 unapata sifuri. Juu nako ni sifuri. Kioo kinaandika E, alama ya kosa, na mwanafunzi anahitimisha kwamba kikomo hakipo. Kikomo kipo. Kilichokwisha ni nafasi ya tarakimu, kwa sababu juu na chini tulikuwa tunatoa namba zilizokaribiana mno, na tofauti yao yote ilikuwa katika tarakimu zilizotupwa. Vikokotoo vya kisayansi vya wanafunzi vina tarakimu nyingi zaidi, lakini navyo vina mwisho wake. Mimi huanza na umbali wa 0,1, nikaenda 0,01 na 0,001, nikasimama. Namba zikianza kurukaruka au kuganda ghafla baada ya kutembea vizuri, naziamini zile za hatua zilizotangulia.

Hatua hizo tatu pia unaweza kuzikwepa kwa kalamu. Badala ya kuweka 1,9 au 2,01, andika x = 2 + h, ambapo h ni umbali mdogo, chanya kulia na hasi kushoto. Katika swali letu la kwanza juu panakuwa 5h + h², chini panakuwa 4h + h². Gawa vyote kwa h, unabaki na (5 + h) / (4 + h). Hilo ni jedwali zima katika mstari mmoja, pande zote mbili kwa pamoja: weka h = −0,1 unapata 4,9 / 3,9, ambayo ni 1,2564 tuliyoipata mwanzo. Ndipo tunaona zile 5 na 4 zilikuwa zimetoka wapi.

Sasa swali ambalo msichana aliuliza wakati wanafunga mifuko: "Mjomba, kama jedwali linaonyesha 1,25, tunasumbukia vigawo vya nini?" Badilisha swali letu kidogo tu, juu paandikwe x² + 1,0001x − 6,0002 na chini paachwe vilevile. Kwenye 1,999 unapata 1,25009, kwenye 2,001 unapata 1,24996. Kwa macho, mtu yeyote ataandika 1,25. Lakini juu ni (x − 2)(x + 3,0001), na ukifuta na kuweka 2 unapata 5,0001 / 4, ambayo ni 1,250025. Jedwali linaweza kukuambia kwamba infini ni uongo, kwamba sifuri ni uongo, kwamba alama imegeuka, kwamba pande mbili hazikutani. Haliwezi kukuchagulia kati ya 1,25 na 1,250025. Namba kamili inatoka kwenye vigawo, na jedwali linakaa pembeni yake kama shahidi.

Mpwa wangu alichukua kalamu nyekundu ya mwenzake, akakata (x − 3)(x + 2), akaandika juu yake (x − 2)(x + 3). Halafu, bila kuambiwa, akaweka 1,99 katika fomula ya swali na kuandika −0,0499 / −0,0399 pembeni mwa ukurasa.